Programu mpya ya SACCOS: hesabu ya kumpelekea meneja

Mhasibu anayemwendea meneja wake na kusema, "Tununue programu, Excel imetuchosha," anajibiwa kwa swali moja: shilingi ngapi? Akitaja bei aliyopewa na muuzaji, mazungumzo yamekwisha. Bei hiyo ni sehemu tu ya gharama, na faida bado haijaguswa.

Tuchukue SACCOS ya kufikirika yenye wanachama 800, inayotunza akiba na mikopo katika mafaili ya Excel. Muuzaji anataka shilingi 250,000 kwa mwezi, na 2,500,000 za kufunga mfumo na kuwafundisha watumishi. Kwa miaka 3 hiyo ni milioni 11.5. Kuna na gharama ambayo muuzaji haitaji, nayo ni kazi ya kuhama. Kila mwanachama lazima alinganishwe: salio la kwenye faili, la kwenye kitabu chake na la kwenye fomu ya mkopo. Kwa dakika 10 kila mmoja, inafika saa 133. Watumishi wawili wakitenga saa 4 kila siku huku wakiendelea kuhudumia watu dirishani, watamaliza kwa siku kama 17 za kazi. Tukiweka 1,200,000 za malipo ya saa za ziada, jumla inakuwa milioni 12.7, yaani kama milioni 4.2 kwa mwaka.

Upande wa faida ndiko wengi wanakoharibu. Wanaandika kwamba kufunga hesabu za mwezi kutachukua siku 1 badala ya 4, kisha wanazigeuza siku zile 3 kuwa pesa. Meneja mzoefu haikubali hesabu hiyo, na ana haki: mshahara wa mhasibu utabaki uleule. Siku zile zina thamani pale tu zinapopewa kazi nyingine inayoonekana.

Kazi hiyo ipo, nayo ni kufuatilia marejesho. Kwa namna mafaili haya yanavyotunzwa, afisa mikopo anawajua waliochelewa pale mwezi unapofungwa. Aliyeruka rejesho la tarehe 3 anapigiwa simu wiki nne baadaye, pengine ameshahama mtaa. Mfumo mzuri unatoa orodha ya waliochelewa kila asubuhi. Basi usimwahidi meneja asilimia yoyote. Muulize: mwaka jana tulipoteza mikopo mingapi ya milioni 1.5 kwa sababu tulichelewa kufuatilia? Ikiwa ni mitatu, na mfumo ungeiokoa, hiyo ni milioni 4.5, na gharama ya mwaka imerudi. Swali hilo analijibu mwenyewe kutoka kwenye majalada yake, na jibu lake atalitetea mbele ya bodi kuliko ahadi yako.

Kisha mweleze bila kuficha mahali uhamaji unapoharibika. Kosa la kawaida ni kuingiza salio la mkopo bila tarehe ya kuanza na ratiba ya marejesho. Mfumo utaichukulia mikopo yote kama imetolewa jana. Dalili yake inafurahisha wasiojua: taarifa ya mwezi wa kwanza inaonyesha karibu hakuna mdaiwa sugu. Ukiona hivyo, simamisha kazi. Kingine ni jumla ya akiba za wanachama wote, ambayo lazima ilingane na akaunti ya akiba kwenye urari. Zikitofautiana hata kwa shilingi elfu mbili, huenda kuna mwanachama ameandikishwa mara mbili kwa majina yaliyopinduliwa.

Kwa miezi miwili ya mwanzo, Excel na mfumo mpya vitumike sambamba. Inachosha, na watumishi watanung'unika kuandika kila muamala mara mbili. Lakini kila tofauti itafutiwe chanzo chake, kwani mara nyingi kosa lilikuwa kwenye faili la zamani tangu miaka iliyopita. Tarehe ya kuhama nayo ichaguliwe kwa akili. Mwisho wa Desemba unapendeza kwa mhasibu, ila Januari wazazi wamejaa ofisini wakitaka mikopo ya ada. Mwisho wa Machi unafaa zaidi.

Mkataba useme wazi kwamba taarifa za wanachama ni mali ya SACCOS, na kwamba zinaweza kutolewa zote kwa faili la CSV siku mtakapoachana na muuzaji. Hapa Tanzania kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo muulizeni muuzaji taarifa zinahifadhiwa wapi na nani anaziona.

Na kama meneja atapekua majalada asione mkopo hata mmoja uliopotea kwa kuchelewa kufuatiliwa, pendekezo lako halijaiva. Kwa SACCOS ndogo ya wanachama 80 wanaofahamiana, faili moja la Excel lililopangwa vizuri, lenye nakala rudufu ya kila siku, bado linatosha.