Je, Wajua? Baki la Kugawanya Lina Habari

Je, wajua kwamba ukigawanya polinomia kwa x − 2, tena na tena, mabaki yanakupa polinomia ileile iliyovaa nguo mpya? Chukua x³ − 2x − 5. Andika namba zake 1, 0, −2, −5, kisha shusha 1, zidisha kwa 2, jumlisha na namba inayofuata, na uendelee hivyo hadi mwisho. Namba ya mwisho ndiyo baki. Iache, uanze upya na zilizobaki:

```
1   0  -2  -5
1   2   2  -1
1   4  10
1   6
1
```

Soma namba za mwisho za kila mstari kuanzia wa pili: −1, 10, 6, 1. Basi x³ − 2x − 5 ni sawasawa na (x − 2)³ + 6(x − 2)² + 10(x − 2) − 1. Huamini? Weka x = 3 pande zote mbili: 16 na 16!

Sasa shika sana hapa. Baki la kwanza, −1, ndilo jibu la polinomia ukiweka x = 2. Baki la pili, 10, ni mteremko wa grafu pale pale penye 2! La tatu, 6, ni nusu ya kasi ambayo mteremko wenyewe unabadilika nayo. Yote hayo umeyapata kwa kuzidisha mara 6 na kujumlisha mara 6, bila kugusa kanuni hata moja ya kalkulasi.

Ile 0 uliiona? Inashika nafasi ya x², ambayo haipo. Ukiisahau, baki la kwanza litakuwa −5 badala ya −1, na kila kinachofuata kitaharibika. Na ukitaka vipeo vya x + 2, zidisha kwa −2, si 2.

Wajua pia kwamba mwaka 1247 Qin Jiushao wa China alikuwa akitatua milinganyo kwa njia ya namna hii, hata mmoja wenye kipeo cha 10? Ulaya njia hii ikapewa jina la Horner, aliyeiandika mwaka 1819, ingawa Ruffini wa Italia alimtangulia mwaka 1804.

Na mlinganyo wetu, x³ − 2x − 5 = 0, ni uleule aliouchagua Newton kuwa mfano wa njia yake ya kutafuta jibu! Tazama mabaki: tuko chini ya sifuri kwa 1, na mteremko ni 10, kwa hiyo sogea mbele 0.1. Gawanya mstari mpya, 1, 6, 10, −1, kwa kutumia 0.1: baki la kwanza ni 0.061, la pili 11.23. Tumepita kidogo, basi rudi nyuma 0.061 ÷ 11.23, yaani kama 0.0054. Unafika 2.0946, na jibu la kweli linaanza na 2.09455!