Jina Limefutwa, Kijiji Kizima Kinamjua

Mwaka 1958 wanasosholojia wawili wa Marekani, Arthur Vidich na Joseph Bensman, walichapisha kitabu kuhusu maisha ya mji mdogo katika jimbo la New York. Mji wenyewe waliupa jina la bandia, Springdale, na watu waliosimuliwa humo wakapewa majina yasiyo yao. Haikusaidia kitu. Wenyeji walijitambua wenyewe na wakatambuana. Tarehe 4 Julai, kwenye gwaride la sikukuu ya uhuru wa nchi yao, walipita barabarani wamevaa barakoa, magari yao yameandikwa majina yale ya bandia. Nyuma kabisa ikaja mashine ya kumwaga samadi, na juu ya samadi hiyo wameweka sanamu ya mwandishi, imeinama.

Watafiti wale walikuwa wamefuta majina. Hadithi za watu waliziacha kama zilivyo, na mtu wa karibu hukujua kwa hadithi yako kabla hajafika kwenye jina. Jambo hilo linatuhusu sana huku kwetu, kwa sababu karibu kila mradi wa afya, elimu au kilimo siku hizi humalizika kwa slaidi zilizojaa nukuu: mama aliyehojiwa kliniki amesema hivi, mwalimu aliyejaza dodoso ameandika vile. Baada ya wasilisho, mtu hutumwa kuzikusanya nukuu hizo ziwe hazina ya kuchota, zimepangwa kwa mada, ili waandishi wa ripoti, wakufunzi na watunga sera wazitumie miaka ijayo. Kazi hiyo huonekana ya kunakili na kubandika tu, na hapo ndipo watu huumizwa.

Tuanze na faili lenyewe. Slaidi hubeba mengi kuliko yanayoonekana ukutani. Chini ya kila slaidi kuna sehemu ya maelezo ya msemaji, na mara nyingi humo ndimo mtafiti alipojiandikia jina la mhojiwa na kijiji chake. Picha iliyokatwa pembeni ili kuondoa sura ya mtu bado inaweza kuwa na sura hiyo, kwa kuwa programu huificha sehemu iliyokatwa bila kuifuta. Hatari kubwa zaidi ni chati: ukiinakili kutoka Excel na kuibandika kwenye slaidi, huenda kitabu kizima cha data kikaingia pamoja nayo, na yeyote atakayelipata faili ataweza kukifungua. Kwa hiyo hazina haijengwi kwa kusafisha slaidi zile zile. Fungua jedwali jipya, ingiza kila nukuu kwenye mstari wake, na slaidi za awali zibaki mahali penye ulinzi. Kama ni lazima slaidi zenyewe zigawiwe, kwenye PowerPoint pita File, kisha Info, kisha Check for Issues, kisha Inspect Document, ujionee kilichojificha.

Jedwali halihitaji safu nyingi. Andika namba ya nukuu, namba ya slaidi ilikotoka, kama ni ya mahojiano au ya dodoso, maneno ya asili, maneno yaliyosafishwa, maelezo mafupi ya msemaji, mada, na kama msemaji aliridhia maneno yake yatumike nje ya ripoti ile ya kwanza. Hiyo safu ya ridhaa wengi huiruka, nami naiona ndiyo ya kwanza kujazwa. Mtu aliyekubali kuhojiwa kwa ajili ya ripoti moja hajakubali maneno yake yawekwe ghalani yatumike popote.

Wakati wa kunakili utakuta nukuu ile ile imetokea kwenye slaidi tatu, kila mahali imefupishwa kivyake. Usichague iliyo tamu. Rudi kwenye maandishi kamili ya mahojiano utazame ilikatwa wapi, kwani mara nyingine kilichokatwa ni yale maneno ya “lakini” yaliyogeuza maana yote.

Sasa tuchukue nukuu moja tuifanyie kazi hadi mwisho. Nimeitunga kwa ajili ya makala haya, ila yeyote aliyefanya mahojiano vijijini ataitambua sauti yake. Msemaji ni nesi wa zahanati:

“Tangu mwenzangu ahamishwe baada ya Ramadhani, nimebaki peke yangu hapa. Umeme ulikatika usiku, nikamzalisha mama mapacha watatu kwa tochi ya simu, simu nimeing’ata mdomoni. Nilimwomba mganga mkuu wa wilaya taa ya sola, akaniambia nisubiri bajeti.”

Hakuna jina hata moja. Hata hivyo, mtu wa ofisi ya wilaya akiisoma atamjua nesi huyu kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, maana uhamisho ule umeandikwa kwenye jalada lake. Watu wa kata nao watamjua kwa mapacha watatu, kwani uzazi wa namna hiyo huzungumzwa sokoni mwaka mzima. Anayelaumiwa, mganga mkuu, ni mmoja tu katika wilaya, na ndiye mwenye mamlaka juu ya huyo nesi. Na yuko mtu wa tatu ambaye mara nyingi husahaulika, yule mama aliyejifungua. Yeye hakuhojiwa wala hakuridhia lolote, na siri yake ya hospitali imo ndani ya maneno ya mtu mwingine.

Katika kusafisha, kinachosaidia ni kujiuliza nukuu hii iko hapa kuthibitisha nini. Inathibitisha kwamba umeme ukikatika mtumishi hutumia kifaa chake mwenyewe, na kwamba maombi yake yamekwama. Mapacha hawaongezi kitu kwenye hoja hiyo, wala Ramadhani, wala cheo cha aliyeombwa. Basi inabaki hivi:

“[Kwa miezi kadhaa] nimebaki peke yangu hapa. Umeme ulikatika usiku, nikamzalisha mama [...] kwa tochi ya simu, simu nimeing’ata mdomoni. [Niliomba kwa viongozi] taa ya sola, [nikaambiwa] nisubiri bajeti.”

Mabano ya mraba yana kazi yake. Yanamwonyesha msomaji kwamba hapo ni mkono wa mhariri, si mdomo wa nesi. Kubadilisha maneno ya mtu kimya kimya ni kumlisha maneno, hata kama nia ni kumlinda. Vilevile kuunganisha nukuu za watu wawili ili ipatikane moja kali hakukubaliki hata kidogo, kwa sababu mtu huyo wa tatu hajawahi kuwepo.

Bado sijamaliza. Maneno “peke yangu” yanaweza kubaki ikiwa utafiti ulifika kwenye zahanati kadhaa zenye mtumishi mmoja. Kama iliyokuwa hivyo ni moja tu, yaondoke, iwe “[tuko wachache mno]”. Simu mdomoni ndiyo picha inayoipa nukuu nguvu, na ningependa ibaki, lakini ikiwa nesi alishawahi kuisimulia mbele ya wakubwa wake kwenye kikao, nayo lazima itoke. Mhariri aliye ofisini hawezi kujua hilo mwenyewe. Amuulize aliyefanya mahojiano. Na zipo nukuu ambazo ukiondoa kinachomfichua msemaji hakibaki cha kusoma. Hizo eleza kiini chake kwa maneno yako kwenye ripoti, na usiziingize katika hazina.

Lafudhi nayo husema. Katika utafiti wa Dar es Salaam, mhojiwa mmoja anayeongea Kipemba safi au Kiswahili cha Lubumbashi atajulikana kwa sentensi mbili, sawa na mzee mwenye msemo wake ambao mtaa mzima humtania nao. Hapo huwa nalegeza neno moja au mawili, ndani ya mabano, na kuyaacha mengine. Ukisanifisha kila kitu, watu wote wa hazina yako wataongea kama mtangazaji mmoja wa redio.

Majibu ya dodoso yana tabia yake tofauti. Ni mafupi na hayana muktadha, na baadhi ya watu huandika namba zao za simu katikati ya jibu kwa matumaini kwamba watapigiwa. Tafuta tarakimu zote kwenye safu hiyo. Kisha chukua majibu marefu, uyaweke mtandaoni ndani ya alama za kunukuu uone kama mwandishi wake aliwahi kubandika maneno yale yale kwenye ukurasa wake.

Maelezo ya msemaji yaandikwe kwa namna ambayo yangeweza kuwa ya watu kadhaa. “Nesi, mwanamke, miaka 34, zahanati ya kijiji fulani” ni jina kamili lililoandikwa kwa njia ndefu. Latanya Sweeney, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alionyesha mwaka 2000 kwamba asilimia 87 ya watu wa nchi hiyo huenda wakatofautishwa na wengine wote kwa vitu vitatu tu: eneo la posta, tarehe ya kuzaliwa na jinsia. Kwa hiyo nesi wetu awe “mtumishi wa afya, zahanati ya vijijini”. Namba yake nayo ina mtego. Ukimwita M07 kwenye nukuu kumi tofauti, msomaji mvumilivu atazikusanya zote kumi na kumuunda mtu mzima. Hazina ya ndani iwe na namba ya mtu. Inayotoka nje iwe na namba ya nukuu tu.

Kuhusu mada, kosa linaloiua hazina ni kuzipa majina ya makabati: “Miundombinu”, “Rasilimali Watu”. Chini ya kabati chochote huingia. Andika mada kama sentensi inayodai jambo, mfano “Umeme ukikatika, mtumishi hutumia vifaa vyake mwenyewe”. Mara moja utaona nukuu ipi inathibitisha, ipi inapinga, na ipi haihusiki. Zinazopinga zibaki. Kisha hesabu watu, usihesabu nukuu: mada yenye nukuu kumi na mbili inaweza kuwa ya wasemaji wawili wanaopenda kuzungumza. Tena kumbuka kwamba slaidi zilishachaguliwa na mtu aliyetaka kuvutia ukumbi, hivyo hazina inaonyesha jambo lilivyosemwa, wala haionyeshi limeenea kiasi gani. Hilo liandikwe kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Kabla ya kuitoa, mpe nakala mtu anayeifahamu wilaya lakini asiye na cheo juu ya waliohojiwa, mwenye kiapo cha kutunza siri, umuulize nani amesema nini. Akipatia hata mmoja, rudi mezani.

Mwisho kuna ufunguo, yaani orodha inayounganisha namba na majina. Utunzwe mbali na hazina, kwa nywila, na tarehe ya kuuteketeza ijulikane mapema. Ukiwepo, taarifa zako bado ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, au ile ya Kenya ya mwaka 2019, inakuhusu. Lakini usiuteketeze kabla muda wa wahojiwa kujitoa haujaisha, kwa sababu nesi akipiga simu kuomba maneno yake yaondolewe, ni ufunguo huo tu utakaoonyesha ni mistari ipi ya kufuta. Ndiyo maana ninaongeza safu moja ya mwisho kwenye jedwali: nukuu hii imeshatumika wapi, lini, na nani aliichukua.