Nguo Zipi Zipande Ndege, Zipi Zibaki Kabatini

Mtu akipata nafasi ya kwenda kusoma nchi ya baridi, ushauri wa kwanza anaoupata Dar es Salaam ni kwamba anunue makoti. Shangazi anatoa sweta lake la zamani, jirani analeta jaketi, rafiki anamsindikiza Karume kuchambua mitumba. Usiku wa kuamkia safari begi linapimwa, lina kilo 31, na tiketi inaruhusu 23. Hapo ndipo nguo zinaanza kutolewa kwa pupa, na mara nyingi zinatolewa zile zilizofaa kwenda.

Dawa yake ni kuhesabu kabla ya kununua. Wenye mitindo wana utaratibu wa kuwa na nguo chache ambazo zote zinavalika pamoja. Susie Faux, aliyekuwa na duka la nguo London, aliueneza miaka ya 1970, na mwaka 1985 Donna Karan wa New York akautangaza upya kwa mkusanyo wake wa vipande saba. Wao walimfikiria mwanamke wa ofisini asiyetaka kusimama mbele ya kabati kila asubuhi akijiuliza avae nini. Kwa msafiri wetu utaratibu huohuo unafaa, ila swali la kwanza linabadilika. Haulizi nguo ni ya kazini au ya harusini. Anauliza itakaa tabaka gani mwilini.

Kwenye baridi watu huvaa matabaka matatu. La ndani linagusa ngozi, na kazi yake ni kuondoa jasho. La kati linashika hewa yenye joto la mwili: sweta, au flisi, kile kitambaa laini chenye manyoyamanyoya. La nje linazuia upepo na maji. Kinachopasha joto hasa ni hewa iliyotulia katikati ya nguo, kwa hiyo sweta mbili zilizobanwa na koti dogo zinaweza kukuacha unatetemeka kuliko sweta moja ndani ya koti lenye nafasi.

Tumchukue msichana wa mfano, tumwite Neema, anayekwenda kusomea uuguzi Tampere, Finland, mwezi Agosti. Anatoa kila kitu kabatini na kukirundika kitandani, hata kile kilichoko kwa fundi anakiandika. Kwenye daftari anachora safu tano: nguo yenyewe, kitambaa, rangi, tabaka, na mara ya mwisho kuivaa. Safu ya uamuzi haigusi mpaka rundo lote limeandikwa, maana ukiamua huku unaandika, kila gauni litakukumbusha sherehe fulani na hakuna litakalotoka.

Safu ya kitambaa ndiyo inayoamua mengi. Pamba, raha yetu ya Pwani, hunywa jasho na kukaa nalo. Ikilowa kwenye baridi inakunyonya joto. Sufu hupasha hata ikiwa na unyevu. Poliesta hainywi maji mengi na hukauka haraka. Lebo ikiwa imekatwa, kama ilivyo kwa mitumba mingi, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uushike kwa kibanio juu ya sinia, uuchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Pamba huwaka kama karatasi. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Sweta nyingi zinazouzwa kama sufu huyeyuka, kwa kuwa ni akriliki. Akriliki si mbaya, ila isilipiwe bei ya sufu.

Neema amepata vipande 84, na karibu vyote ni pamba. Mtu angedhani basi havifai, lakini nyumba na madarasa ya Finland hupashwa moto hadi nyuzi 20 au zaidi kidogo. Ndani watu hukaa na fulana. Gauni lake la kitenge litavalika kukiwa na theluji dirishani, na khanga zake ni vazi la chumbani mwaka mzima. Kama angekuwa anavaa buibui, lingeendelea na kazi yake, suruali ya sufu ya kubana ikiwa chini yake.

Uamuzi anaufanya kwa rangi. Anachagua mbili za msingi, nyeusi na bluu iliyokoza, na moja ya kuchangamsha, njano. Nguo ya juu isiyokubaliana na angalau suruali au sketi tatu anazobeba haisafiri, hata iwe nzuri vipi. Kwa kipimo hicho vipande 31 vinaingia begini, na vyote pamoja havifiki kilo 12. Jinzi anabeba mbili tu: moja inaweza kukaribia kilo nzima, na ikilowa hukawia kukauka. Vipande 14 vinabaki kwa mama: sare za harusi za ukoo, na gauni la mahafali. Hivyo vifuliwe na kukaushwa kabisa kabla ya kufungwa, maana kwa unyevu wa Dar ukungu hauchelewi.

Vinavyobaki ni 39. Thelathini ni vizima, vinakwenda kwa wadogo zake na kituo cha watoto cha jirani, vikiwa vimefuliwa na vifungo vimerudishwa. Tisa vimechakaa, na hivyo apelekewe fundi gereji kama matambara. Kumpa mtu nguo ambayo wewe mwenyewe ungeona haya kuivaa si sadaka, ni kuhamisha takataka.

Umeona kwamba koti zito halimo. Agosti kule Tampere mchana huwa karibu nyuzi 20, na jaketi jepesi juu ya sweta linatosha wiki za mwanzo. Baridi yenyewe inakuja baadaye. Wastani wa Januari ni nyuzi chache chini ya sifuri, na siku mbaya hushuka chini ya 20. Kabla ya hapo Neema ana muda wa kuingia maduka ya mitumba ya huko, kama Kontti ya Msalaba Mwekundu wa Finland au UFF, ambako makoti yalishonwa kwa baridi hiyohiyo. Fedha ya koti na buti aitenge tangu nyumbani na asiiguse.

Anayesafiri Januari hana muda huo, na koti la Karume au Gikomba litamfaa kama atalipima vizuri. Aende na sweta nene, alivae ndani ya koti, ainue mikono juu. Likibana makwapani aliache. Kisha alifinye: likiwa na ujazo mzima litafumuka lenyewe, likibaki limelala au lina madonge, joto lake limekwisha. Zipu ifungwe mpaka kidevuni, mara kadhaa. Siku ya safari alivae au alishike mkononi, lisile kilo za begi.

Buti za mitumba zinahitaji tahadhari zaidi. Soli nyingi za buti za baridi ni za poliyurethani, ambayo huharibika kwa unyevu na umri hata kama kiatu hakijavaliwa. Kikunje na uminye soli kwa ukucha; ikichanika au kumeguka, kirudishe mezani. Na kiwe kikubwa kidogo kuliko namba yako, kwa ajili ya soksi nene, kwa sababu buti inayobana hugandisha vidole hata ikiwa mpya.