P2 ya Jumamosi hailindi Alhamisi

"Nimemeza P2 juzi, itanikinga mpaka lini?" Swali hili haliishi kwenye dirisha langu la dawa, na jibu langu halijabadilika: haikukingi hata leo usiku. Wanaoniuliza si wajinga. Wengi wanajua kuhesabu siku zao vizuri, ila wameshaamini kwamba P2 ni sindano ya miezi mitatu iliyofupishwa.

Levonojestreli iliyomo kwenye P2 ina kazi moja: kuchelewesha yai lisitoke kwenye ovari. Haiui mbegu za kiume na haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Mbegu huweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku tano. Yai likichelewa, zinakufa zikilisubiri. Basi.

Chukua dada mwenye mzunguko wa siku 28. Ijumaa usiku, siku yake ya 10, kondomu inapasuka. Jumamosi asubuhi anameza P2. Yai lililokuwa litoke Jumanne linasogezwa, tuseme, hadi Jumapili inayofuata. Mbegu za Ijumaa zimeshakufa, amepona. Alhamisi anakutana tena na mwenzake, safari hii bila kondomu, maana "nimeshameza". Mbegu za Alhamisi zinalikuta yai la Jumapili. Baada ya wiki tatu ananirudia na kipimo chenye mistari miwili, akilalamika nimemuuzia dawa feki. Dawa ilikuwa nzima! Ilisogeza siku ya hatari, naye akaifuata huko huko.

Zile saa 72 nazo zinapotosha watu, wanangoja hadi siku ya tatu kana kwamba ni tarehe ya mwisho ya kulipa ada. Homoni ya LH inayolitoa yai ikishaanza kupanda, P2 haina tena cha kuchelewesha, hata ukiimeza saa mbili tu baada ya tendo. Kwa hiyo meza mara moja, miligramu 1.5 kwa pamoja; kama pakiti ina viwili vya 0.75, meza vyote. Ukitapika ndani ya saa mbili, rudia dozi. Ukiwa unatumia efavirenzi au rifampisini, sema, kwa sababu dawa hizo huidhoofisha.

Umechelewa? Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku tano kinashinda kidonge chochote, kisha unabaki nacho kwa miaka. Ulipristali, inapopatikana, hutumika hadi saa 120. Ukimeza P2 unaweza kuanza vidonge vya kila siku siku hiyo hiyo, na kondomu kwa siku saba za mwanzo. Maji ya chumvi, soda na chai ya rangi nzito havimo kwenye orodha yangu.

Damu kidogo baada ya siku chache si uthibitisho kwamba umepona. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, pima.