Sekunde tatu za shela

Bibi harusi anageuka mlangoni mwa ukumbi, shela linapeperuka na kutua begani. Tukio lenyewe ni la sekunde tatu, lakini kwenye video ya harusi linachukua sekunde kumi na mbili. Kamera ilipiga fremu 100 kwa sekunde, kisha zikachezwa 25 kwa sekunde. Fremu 300 zilizopatikana zinatosha kuujaza muda huo bila kompyuta kubuni hata moja.

Hesabu ni nyepesi, ila mwanga ndio unaolipa. Kwa video ya kawaida ya fremu 25, shata huwekwa 1/50, yaani nusu ya muda wa kila fremu, ili mwendo uonekane laini kama macho yalivyouzoea. Ukipiga fremu 100, kanuni hiyo hiyo inadai 1/200, na kila fremu inapata robo tu ya mwanga. Mchana uwanjani hakuna atakayejali. Saa tatu usiku ukumbini, aliyekuwa na ISO 800 itabidi apande hadi 3200, na chembechembe zianze kucheza kwenye suti nyeusi ya bwana harusi. Njia nyingine ni kulifungua tundu la lenzi kutoka f/4 hadi f/2, lakini hapo eneo lililo kali linakuwa jembamba. Bibi harusi akipiga hatua moja mbele, uso unaweza kufifia huku shela la nyuma likionekana vizuri.

Taa nazo zina mambo yake. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hertz 50, kwa hiyo taa nyingi za bei nafuu hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Anayepiga fremu 120 kwa shata ya 1/250 anapishana na taa hizo mara 20 kila sekunde, na video ikishapunguzwa kasi hadi fremu 25, ukuta unapumua kama mara nne kwa sekunde. Hakuna mhariri anayependa kuletewa kazi hiyo. Dawa ni kuweka kamera kwenye PAL, ipige fremu 100, na shata iwe 1/100: kila fremu inameza mpigo mmoja mzima wa taa, na mwanga unaongezeka maradufu kuliko wa 1/200. Mwendo utakuwa na ukungu kidogo zaidi, jambo ambalo kwenye kitambaa chepesi halikeri. Taa za jukwaani zenye vidhibiti vyao hufuata mpigo mwingine, hivyo lazima zijaribiwe kabla wageni hawajaketi.

Halafu kuna ukali wa picha. Sony A7 III, kamera ya mwaka 2018 ambayo wapiga harusi wengi wameitumia, inarekodi 4K kwa fremu 25, lakini ukitaka fremu 100 inakushusha hadi 1080. Picha ya 4K ina nukta milioni 8.3, ya 1080 ina milioni 2.07, yaani robo yake. Zidisha kila moja kwa fremu zake na utakuta kiasi cha nukta kwa sekunde ni kile kile, takriban milioni 207. Kamera mpya zaidi, kama Sony A7S III ya 2020, hupiga 4K kwa kasi hiyo, ingawa hukata kingo kidogo. Mwenye ile ya zamani akitia kipande cha 1080 kwenye mradi wa 4K, picha inavutwa mara mbili kila upande na darizi za gauni zinalainika. Ndiyo maana ni busara slomosheni ikabaki kwa picha za karibu, kama mkono wenye hina au pete, na ukumbi mzima upigwe 4K kwa kasi ya kawaida.

Makosa mengi hujitokeza mezani kwa mhariri. Anaburuta kwanza kipande cha fremu 100, programu inamuuliza kama ibadilishe mipangilio ifuate kipande hicho, anakubali bila kusoma, na sasa taimlaini nzima ni ya fremu 100. Aanze kwa kuiweka 25 mwenyewe. DaVinci Resolve haimruhusu kubadilisha kasi ya taimlaini ambayo tayari ina vipande.

Kisha aiambie programu kwamba fremu zile zisomwe 25 kwa sekunde: kwenye Resolve ni Clip Attributes, kwenye Premiere ni Interpret Footage. Akitumia asilimia, 25% kwa fremu 100 inagawanyika sawasawa. Aliyepiga 120 akaandika 20% anapata fremu 24 kwenye taimlaini ya 25, na programu inarudia fremu moja kila sekunde. Shela linashtuka kidogo hewani. Akisogeza fremu moja moja kwa kitufe cha mshale, ataikuta picha ambayo haikusogea.