Kila Ukiuliza, Unaambiwa Ni Mawazo Yako Tu

Tumchukue mama mmoja wa Dar es Salaam anayeuza vitenge. Yeye na mumewe wananunua kiwanja kwa malipo ya kila mwezi. Mama anatoa shilingi 150,000 taslimu, mume anaongeza zake, na mume ndiye anayezipeleka kwa mwenye kiwanja. Mwezi wa kwanza mama anaomba kuona risiti. Anajibiwa, "Nilikuonyesha juzi, ulikuwa unakunja nguo. Umeshasahau?" Hakumbuki, lakini nguo kweli alikunja, basi ananyamaza. Mwezi wa pili anauliza tena. "Si tulikubaliana hela ya mwezi huu itengeneze pikipiki? Siku hizi una nini wewe?" Mwezi wa tatu mwenye kiwanja anampigia simu yeye mwenyewe kudai malipo ya miezi miwili. Mama anamweleza mumewe, na mume anawaka: yule mzee mwongo, na kwa nini mke wake anaongea na wanaume asiowajua? Kufika usiku mama ndiye anayeomba msamaha. Habari ya fedha haikuzungumzwa tena.

Mtu akiyatazama mazungumzo hayo moja moja hataona ajabu. Kila nyumba ina siku ambayo mmoja anasema "nilikwambia" na mwenzake anasema "hukuniambia". Ukiyapanga pamoja ndipo unaona kwamba swali la fedha liliulizwa mara tatu na halikujibiwa hata mara moja. Mara ya kwanza lilijibiwa kwa kumbukumbu ya mama, mara ya pili kwa hali ya akili yake, mara ya tatu kwa uaminifu wake. Mwenendo wenyewe unatambulika hapo: wewe unaleta jambo, mwenzako analiacha jambo na kukujadili wewe.

Maneno ya namna hiyo yana nguvu kwa sababu kumbukumbu ya binadamu si imara kama tunavyodhani. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya magari yanayogongana. Baadhi waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", wengine waliulizwa kwa neno kali zaidi, kama kusema "yalipopondana". Waliosikia neno kali walitaja mwendo mkubwa zaidi, na wiki moja baadaye wengi zaidi miongoni mwao walisema waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika. Ikiwa neno moja la mtu usiyemjua linaweza kufanya hivyo, fikiria neno la mtu unayempenda, unayelala naye, linalorudiwa miaka miwili mfululizo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema anayedanganywa hivi ni mjinga au mdhaifu. Mara nyingi ni mtu muungwana anayekubali kwamba huenda amekosea, na uungwana wake huo ndio unaotumiwa dhidi yake.

Hali hii ilionyeshwa jukwaani Uingereza mwaka 1938, katika tamthilia ya Patrick Hamilton iitwayo *Gas Light*. Mume anaficha vitu vya nyumbani kisha anamlaumu mkewe kwamba ndiye aliyevipoteza. Usiku anapanda kwa siri ghorofa ya juu kutafuta vito vya thamani, anawasha taa za gesi huko, na taa za chini zinafifia. Mke anaiona taa ikififia, lakini ameshaaminishwa kwamba akili yake inaharibika, kama ilivyoharibika ya mama yake. Anapona pale mpelelezi mstaafu anapoingia nyumbani na kuthibitisha anachokiona. Alihitaji jicho la pili kutoka nje, na ndilo ambalo mume wa namna hii hujitahidi kulizuia. Katika maisha ya kawaida huzuia kwa kuwatangulia ndugu: "Mwenzenu siku hizi hayuko sawa, muwe mnamwombea." Ukisikia mwenzi wako amekuwa akisema hivyo kwa mama yako au kwa mshenga, nawe hujawahi kuugua, hiyo ni dalili nzito kuliko ugomvi wowote.

Dalili nyingine hutokea siku ushahidi unapopatikana. Mwaka 1997 mwanasaikolojia wa Marekani Jennifer Freyd alieleza hatua tatu ambazo mtu aliyekosea huweza kuzifuata anapoulizwa: anakana, anamshambulia anayeuliza, kisha anageuza mambo ili yeye aonekane ndiye aliyeonewa. Rudi kwa mwenye kiwanja na simu yake: "mwongo" ni kukana, "kwa nini unaongea na wanaume" ni shambulio, na msamaha wa usiku ule ni mageuzo yaliyokamilika.

Lakini si kila anayesema "unajitungia" anakufanyia hivyo. Wapo wenye wivu usio na msingi kweli, na wapo wagonjwa ambao huona yasiyokuwepo na wanahitaji daktari. Wapo pia wanaowapachika wenzao kosa hili ili wasipingwe kabisa. Namna ya kupambanua ni kuuliza jambo dogo linaloweza kukaguliwa, kwa upole, wakati hakuna ugomvi: "Naomba tumpigie mwenye kiwanja pamoja Jumamosi." Mtu anayekumbuka tofauti na wewe atasema, "Mimi sikumbuki hivyo, haya tumpigie," na siku akikutwa amekosea atakubali, hata kwa shingo upande. Anayekupoteza hataki ukaguzi. Kila unapokaribia kukagua, kosa linakuwa kule kutaka kukagua kwenyewe. Jiulize pia ni lini mara ya mwisho alipokubali kwamba wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Haya huwapata wanaume pia, na hao hunyamaza zaidi kwa kuogopa kuchekwa.

Mambo mawili husaidia. Andika siku ileile kilichosemwa na tarehe yake, kwa maneno yaliyotumika, bila kuongeza hisia, na uhifadhi mahali ambapo mwenzako hafiki. Simu anayoijua namba ya siri haifai. Baada ya wiki chache utasoma na kuona kama ni wewe unayesahau au ni majibu yanayobadilika. Kisha mweleze mtu mmoja mwenye siri, aliye nje ya ugomvi huo.

Ukifika kwa wazee, utaulizwa kwanza kama umepigwa. Ukijibu "hapana, ila ananichanganya akili", huenda ukaambiwa uvumilie. Waeleze matukio: nilitoa 150,000 tarehe fulani, nikaambiwa hivi, mwenye kiwanja akasema hivi. Wazee wanajua kupima matukio. Jambo likifika Baraza la Usuluhishi la Ndoa au mahakamani, maelezo ya namna hiyo ndiyo yanayosikilizwa, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataja ukatili wa akili pamoja na wa mwili kati ya mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika. Kenya nayo, katika sheria yake ya mwaka 2015 dhidi ya ukatili wa nyumbani, imetaja mateso ya kisaikolojia na ya kiuchumi.

Kama mwenzako amewahi kukupiga, kukutishia au kukufungia ndani, usimwekee daftari lako mbele ya macho. Siku anayotambua kwamba haumwamini tena inaweza kuwa siku ya hatari. Mpe ndugu unayemwamini nakala, na uende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kabla ya kumwambia lolote.