Desemba Iliyogeuka Mwezi wa Sifuri

Tuseme kijana ameandika programu ndogo ya kukumbuka siku za kuzaliwa za wenzake kazini. Wa kwanza kwenye orodha amezaliwa tarehe 14 Machi 1998, naye anaijaribu programu yake kwa lugha ya JavaScript hivi:

```
const d = new Date(1998, 3, 14);
console.log(d.getDate() + "/" + d.getMonth());
```

Skrini inamjibu `14/3`. Ndivyo alivyotarajia, basi anaendelea na kazi nyingine. Kumbe tarehe iliyomo ndani ya kompyuta ni 14 Aprili.

JavaScript huhesabu miezi kuanzia sifuri. Januari ni 0, Februari ni 1, Machi ni 2, mpaka Desemba ambayo ni 11. Siku za mwezi huanzia 1 kama tulivyozoea, na mwaka huandikwa kama ulivyo, kwa hiyo kati ya namba tatu ni ile ya katikati tu inayokwenda kinyume. Kijana alipoandika 3, alitaja Aprili. Alipouliza mwezi kwa `getMonth()`, akajibiwa 3, yaani Aprili, naye akasoma Machi. Kosa la kuingiza limefichwa na kosa la kutoa.

Ndiyo maana naliogopa kosa hili kuliko yale yanayosimamisha programu papo hapo. Hapa hakuna onyo lolote. Ubaya unajitokeza siku programu inapoulizwa jambo jingine, kwa mfano siku ya wiki. `d.toDateString()` itajibu `Tue Apr 14 1998`, yaani Jumanne, na hali 14 Machi 1998 ilikuwa Jumamosi. Ikiambiwa ihesabu siku zilizobaki kabla ya sherehe, itazidisha karibu mwezi mzima.

Wapo wengine kwenye orodha ambao kosa haliwezi kuwaficha. Mfanyakazi aliyezaliwa 9 Desemba 1998 ataandikiwa mwezi 12. Mwezi wa namba hiyo haupo, lakini JavaScript haikatai: inavuka mwaka na kuweka 9 Januari 1999, kisha skrini inaonyesha `9/0`. Aliyezaliwa 31 Machi anageuzwa kuwa wa 31 Aprili. Kwa kuwa Aprili ina siku 30, tarehe inasogea hadi 1 Mei, na skrini inaonyesha `1/4`. Aliyezaliwa 31 Julai anapita salama, maana Agosti nayo ina siku 31. Anayetaka kuijua programu kama hii haraka asiijaribu kwa tarehe za katikati ya mwezi. Aijaribu kwa Desemba na kwa 31 Machi.

Asili ya hesabu hii ni lugha ya C, ambamo mwezi huhifadhiwa kwa namba ya 0 hadi 11. Orodha za C huanzia nafasi ya sifuri, kwa hiyo namba hiyo huchukua jina la mwezi moja kwa moja kutoka kwenye orodha ya majina. Java ikairithi. Mwaka 1995 Brendan Eich alipoiunda JavaScript katika kampuni ya Netscape, sehemu ya tarehe ilichukuliwa kutoka Java pamoja na kasoro zake. Kuibadilisha leo kungevuruga kurasa zisizo na idadi zilizoandikwa kwa kuizoea.

Tiba ni kupunguza moja wakati wa kuingiza na kuongeza moja wakati wa kutoa:

```
const d = new Date(1998, 3 - 1, 14);
console.log(d.getDate() + "/" + (d.getMonth() + 1));
```

Yote mawili yafanyike pamoja. Mtu akiiona `9/0` na kukimbilia kuongeza moja kwenye kutoa tu, tarehe zilizoonekana sawa jana zitaharibika zote. Upo pia utaratibu mpya uitwao Temporal, ulioanza kuingia katika vivinjari mwaka 2025. Humo Machi ni 3, na tarehe `new Temporal.PlainDate(1998, 4, 31)` hukataliwa waziwazi.

Tatizo gumu zaidi ni kumbukumbu zilizokwisha kuhifadhiwa na programu mbovu. Nyingi zitarekebishika kwa kurudisha mwezi mmoja nyuma. Lakini ukikuta 1 Mei humo ndani, huwezi kujua kama mwenyewe alizaliwa 1 Aprili au 31 Machi, kwa sababu tarehe hizo mbili zimeangukia mahali pamoja. Hapo hakuna hesabu itakayosaidia. Itabidi mhusika aulizwe upya.